Siku moja maishani mwangu: daktari wa kuhesabu vikombe

Mama mwenye nyumba wangu anaamini nikienda kazini nashinda nimekaa mezani, naandika dawa na kuagiza dripu. Simlaumu. Mimi ni daktari wa wodi ya wanawake, magonjwa ya ndani, kwenye hospitali moja ya pwani ya Tanzania, na wagonjwa wangu wengi wamevuka miaka 70. Nikimwambia kwamba juzi nilitumia karibu saa nzima kupima ujazo wa kikombe cha plastiki atanicheka. Basi acha niisimulie siku hiyo.

Saa 1:30 asubuhi. Tunakabidhiana zamu. Wagonjwa 22, vitanda 20, wawili wako chini kwenye magodoro. Usiku umepita salama, isipokuwa bibi wa kitanda namba 9 ambaye "hakulala, anaongea maneno yasiyoeleweka". Ana miaka 78, aliingia juzi kwa udhaifu na kukosa hamu ya kula.

Saa 2:15. Raundi. Vitanda nane vya mwanzo havina jipya: presha, kisukari, nimonia inayopungua. Nafika namba 9. "Shikamoo bibi." Jana aliitikia marahaba na kuniuliza nimeoa. Leo ananitazama, kisha ananiuliza kama mbuzi wamefungwa. Mjukuu wake, binti wa miaka kama 19 anayemuuguza, anacheka kwa aibu: "Uzee huo, daktari." Hapo ndipo ninapokuwa mkali kidogo. Uzee hauingii usiku mmoja. Mtu aliyekuwa na akili zake jana na leo hana, kuna kitu kimempata, na kwa wazee kitu hicho mara nyingi ni kidogo tu: maambukizi, dawa, sukari, choo kilichokwama, au maji.

Kipimo cha haraka cha malaria hakina kitu. Joto ni la kawaida, kifua safi, mkojo hauonyeshi maambukizi. Sukari ya kidole ni 9.5, imepanda kidogo, haitoshi kumvuruga mtu kichwa.

Daktari kijana aliye kwenye mafunzo anabana ngozi ya nyuma ya kiganja cha bibi, inasimama kama kilima, anasema, "Hana maji kabisa huyu." Namwomba ambane hivyo hivyo bibi wa namba 10, anayekunywa maji vizuri na anasubiri kuruhusiwa. Ngozi inasimama vilevile. Ngozi ya mzee imepoteza mvutano wake, itasimama hata akinywa kisima kizima. Mdomo mkavu? Bibi huyu analala mdomo wazi. Rangi ya mkojo? Figo za umri huo haziwezi tena kuukoleza mkojo kama za kijana, kwa hiyo mkojo mweupe haumaanishi maji yapo. Tulifundishwa dalili hizi kwa watoto wanaoharisha, tukazibeba hadi kwa bibi zao.

Kupima mwili kunanisaidia kwa jambo lingine, nalo ni kujua amepungukiwa vipi. Nampima presha akiwa amelala: 138 kwa 76, mapigo 84. Tunamsimamisha, mjukuu huku na mimi kule, baada ya dakika tatu presha 126 kwa 72, mapigo 92. Hakuharisha, hakutapika, choo si cheusi. Angekuwa amepoteza damu au maji ya kuharisha, yaani maji pamoja na chumvi, presha ingeporomoka akisimama au mapigo yangekimbia. Daktari kijana anafurahi: "Basi maji anayo." Hapana. Mtu asiyekunywa vya kutosha hupoteza maji na kubaki na chumvi. Damu inakolea, inavuta maji kutoka ndani ya seli, na kwa kuvuta huko presha inasimama vizuri tu huku ubongo ukikauka. Hii ndiyo aina inayotuponyoka.

Nafungua chati ya maji. Jana: chai 250, uji 500, maji 500, juisi 300, chai ya jioni 250. Jumla mililita 1,800. Kwa mwanamke mzee tunataka vinywaji visivyopungua lita 1.6 kwa siku, kwa hiyo kwa mujibu wa karatasi, bibi amepita. Chupa ya maji iko pale pale kwenye kabati la kitanda. Naiinua. Imepungua vidole viwili.

Hapo saa inaanza kunipotea.

Nachukua bomba la sindano la mililita 50, lisilo na sindano, namwambia mjukuu tuanze upya pamoja, kimoja kimoja. Kikombe chake kikijaa kinaingia 240. Chai ya asubuhi alikunywa hadi wapi? Ananionyesha kwa kidole: nusu. Tunaandika 120. Uji? Kimya. Halafu, huku anatazama sakafu: "Alikula vijiko kama vinane, daktari. Uliobaki nilikunywa mimi." Simgombezi, ana siku mbili hapa na hakuna anayempa chakula yeye. Vijiko vinane vikubwa, mililita 80 hivi. Maji, 150. Juisi ya embe aliipenda, 200. Chai ya jioni aliikataa. Jumla 550. Chati iliandika kilichowekwa mezani, haikuandika kilichopita kooni. Wauguzi ni wawili kwa wagonjwa 22, wanaandika wanavyoweza kati ya sindano na sindano.

Kwa nini jioni alikataa? "Hata nyumbani hanywi kitu baada ya magharibi. Choo kiko uani, hapendi kutuamsha." Na dawa anazotumia nyumbani? Mjukuu anatoa kwenye mkoba kipakiti cha vidonge vya presha, vile vya kukojosha. Anameza kimoja kila asubuhi bila kukosa, na sisi tumeendelea kumpa hapa wodini. Na kiu, ambayo ingemshtua kijana, kwa umri wake imefifia. Hajalalamika kiu hata mara moja.

Nimeshaamini, lakini imani haitoshi. Natoa damu na kuituma maabara saa 4 kasoro.

Saa 5:30 wanapiga simu: potasiamu 6.4. Moyo unashtuka, kisha nakumbuka jinsi mshipa ulivyokuwa mwembamba na jinsi nilivyovuta bomba kwa nguvu. Chembe za damu zimepasuka na kumwaga potasiamu yake kwenye sampuli. Kosa ni langu. Narudia, sindano nzuri zaidi, taratibu, napeleka kichupa mwenyewe mkononi. Nakuta mashine inasafishwa. Nasubiri kwenye benchi, narudi wodini, napokea mgonjwa mpya wa kiharusi, naitwa wodi ya wanaume, narudi maabara. Majibu yanatoka karibu saa 8 mchana.

Sodiamu 144. Potasiamu 3.8. Urea 12. Kreatinini 98. Mashine imewekea nyota urea peke yake, kwa kuwa sodiamu inaruhusiwa hadi 145. Ukisoma mstari mmoja mmoja hakuna cha kukutisha. Ndiyo maana huwa nazijumlisha kwa kanuni hii inayokadiria damu imekolea kiasi gani, kila kitu kikiwa kwa milimole kwa lita:

```
1.86 × (Na + K) + 1.15 × glukosi + urea + 14
```

Sodiamu na potasiamu ni 147.8, mara 1.86 inakuja 274.9. Sukari 9.5 inakuja 10.9. Ongeza urea 12, ongeza 14. Inafika karibu 312. Ikizidi 295 tunachukua hatua. Sodiamu ilikuwa imeegemea mpaka wa juu, sukari na urea zimepanda, na vyote pamoja vimeuvuka mpaka wa 295.

Kanuni hii hudanganya mahali pamoja: mgonjwa mwenye figo mbovu ana urea ya juu hata akiwa amejaa maji. Ndiyo sababu natazama kreatinini, taka ya misuli inayochujwa na figo. Ya bibi imebaki karibu na kawaida huku urea ikipanda, na hilo linaelekea kwenye ukavu kuliko figo. Hata hivyo, bibi mwembamba kiasi hiki ana misuli michache, na kreatinini yake huonekana nzuri kuliko hali halisi, kwa hiyo figo nitazipima tena keshokutwa. Kutoka damu tumboni nako hupandisha urea, ndiyo maana asubuhi niliulizia choo cheusi.

Nasimamisha kidonge cha kukojosha. Anameza vizuri, kwa hiyo atakunywa kidogo kidogo, na kwa kuwa amechanganyikiwa naongeza nusu lita ya dekstrosi asilimia 5 kwa saa sita, matone 28 kwa dakika. Taratibu ni kwa ajili ya moyo wake, na kwa ubongo ambao haupendi kurudishiwa maji kwa kishindo.

Kisha anakuja mtoto wake wa kiume kutoka mjini. Shati limenyooka, simu mbili. "Daktari, mama yangu ana siku mbili hapa, dripu anaipata leo?" Namwelezea. Ametoa pakiti nne za ORS kwenye mfuko. Namwelezea tena: hizo ni za anayeharisha, mama hajapoteza chumvi, anahitaji maji, chai, juisi, maziwa, chochote anachokipenda. Ananijibu kwamba jirani yao aliwekewa dripu tatu na jioni akatembea. Namwambia sawa, kaka, lakini mama ni huyu. Anatikisa kichwa. Naitwa kwa mgonjwa wa kiharusi.

Narudi baada ya dakika 25. Chupa ya dripu ni tupu. Alifungua gurudumu hadi mwisho, "maana ilikuwa inatoka kivivu". Nilimeza maneno ambayo sitayaandika hapa. Gramu 25 za sukari na nusu lita ya maji kwa muda wa kunywa soda. Nikasikiliza mapafu, chini kushoto, chini kulia, nikarudia. Safi. Hakohoi, hahemi. Sukari 13.2. Tukakubaliana na sista kuipima kila baada ya saa mbili, na dripu nyingine isiwekwe hadi niseme. Mzee wetu wa simu mbili nikamwomba kwa adabu akae upande wa pili wa kitanda, na nikampa kazi: kalamu ya wino mzito, achore mistari kwenye kikombe, kila mililita 60. Akachora kwa uangalifu wa fundi. Hapo nikampenda kidogo.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipokula. Ndizi mbili na chai baridi.

Kabla ya kutoka, giza limeshaingia, sukari imeshuka hadi 10.4. Mtoto anamshikia mama kikombe cha chai. Bibi anageuza uso ukutani: "Usiku nitakwenda wapi mimi?" Sista, aliyeifanya kazi hii kabla mimi sijaanza shule, anainama, anavuta bedipani kutoka chini ya kitanda, anaigonga kwa kucha ili bibi asikie bati. "Choo chako hiki hapa, bibi. Na mimi siko mbali."

Bibi anaitazama sana. Kisha anapokea kikombe, anakunywa, anapumzika, anakunywa tena, anarudisha. Mtoto anakiinua kwenye taa na kusoma mstari. Naandika kwenye chati: chai ya jioni, 120.