Kurasa Zaidi au Siku Zaidi

Januari 2019 nilikuwa Granada, kusini mwa Hispania, mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Krismasi nilikwenda Tanga kwa wiki tatu, nikarudi tarehe 8 nikiwa na visheti vya mama na, bila kujua, vimelea vya malaria. Dawa za kinga sikumeza. Nani aliyezaliwa Tanga anameza dawa ya kinga kwenda kwao? Ilipofika Jumatano ya tarehe 16 nilitetemeka chini ya mablanketi matatu huku theluji ikionekana kwenye milima ya Sierra Nevada. Nilidhani ni baridi tu.

Ijumaa mwenzangu wa nyumba, binti wa mji wa Jaén, alinipeleka hospitali. Daktari aliposikia neno Tanzania akaagiza kipimo wanachokiita gota gruesa, tone nene la damu juu ya kioo cha darubini, na jioni hiyo hiyo nikalazwa. Nilitoka Jumanne, tarehe 22, miguu ikiwa kama ya mtu mwingine. Insha ya historia ya uchumi ilitakiwa Ijumaa tarehe 25. Nilikuwa nimeandika kurasa nne.

Usiku huo, nikiwa nimejilaza, nikamwandikia mwalimu kwa simu:

«Hola profesora, necesito una extensión para el ensayo porque he estado enferma. Gracias.»

Nilidhani nimeomba niongezewe muda wa insha kwa kuwa nilikuwa mgonjwa, nikalala nikiwa nimeridhika. Asubuhi jibu lilikuwa limefika, la upole kabisa: «La extensión máxima es de 3.000 palabras, sin contar la bibliografía. Cuídate mucho.» Yaani insha isizidi maneno 3,000, bila kuhesabu orodha ya vitabu, nami nijitunze.

Niliisoma mara tatu. Nilijua Kiingereza kabla ya Kihispania, na pale nilipokwama nilikuwa na tabia ya kuchukua neno la Kiingereza na kulivisha mkia wa Kihispania. Mara nyingi hupita. Hapa halikupita, kwa sababu extension ya Kiingereza ni muda wa ziada, lakini chuoni kwao extensión ya kazi ni urefu wake, kurasa au maneno. Mwalimu alimwona mwanafunzi mgonjwa anayetaka kuandika zaidi, jambo ambalo bila shaka halijawahi kumtokea. Muda ulioongezwa una jina lake, prórroga, na tarehe ya mwisho ya kukabidhi ni plazo de entrega. Maneno yote mawili yalikuwa kwenye mwongozo wa somo, ukurasa wa pili. Nilikuwa nimeusoma.

Nikakaa mezani kuandika upya, safari hii kwa heshima zote. Nikaanza na «Querida profesora», nikamuuliza hali yake, familia, na kazi. Nikatafuta namna ya kusema «pole na majukumu» na nikaikosa, maana Kihispania hakina pole ya kumpa mtu mzima asiye na msiba. Kisha nikaeleza ugonjwa: kwamba kwa siku mbili mwili ulikuwa wa moto sana. «Estaba muy caliente.»

Binti wa Jaén alipita nyuma yangu na kikombe cha kahawa, akasoma, akakiweka kikombe chini.

«Tía, esto no lo mandes.»

Tía ni shangazi, lakini vijana wa kule huitana hivyo hata wakiwa rika moja, na mimi kila mara niliitika kwa nafsi kunyooka kidogo. Alikuwa ananiambia nisiitume. Mtu mwenye homa husema tengo fiebre, nina homa. Huyo estaba caliente ni mtu aliyejaa ashiki. Nilikuwa karibu kumwarifu mwalimu wa umri wa mama yangu kwamba nimelala siku mbili nikiwa na hamu.

Akavuta kiti. Querida akaifuta, akisema hiyo ni ya rafiki au bibi, mwalimu ni estimada, na baada yake huwekwa nukta mbili, si mkato. Salamu za familia akazifuta zote. Hapo nilibisha. Kwetu kuingia kwenye shida yako moja kwa moja ni kama kuingia nyumbani kwa mtu bila hodi. Akaniambia hodi yao imo ndani ya vitenzi: ukiandika le badala ya te, na su badala ya tu, umeshapiga shikamoo, ila usichanganye, kwa maana mstari mmoja wa usted, yaani wewe ya heshima, na mwingine wa tú, wewe ya kawaida, unasomeka kama mtu anayevua kofia na kuivaa tena.

Nilitaka pia kuambatisha ripoti ya hospitali, kurasa tatu, na vipimo vya damu na kila kitu. Akanizuia. Ile ni informe de alta, ya daktari na mgonjwa. Mwalimu anahitaji justificante tu, karatasi moja yenye mhuri isemayo ulilazwa lini hadi lini, bila kutaja ulichougua. Nilikuwa nayo kwenye bahasha ya dawa. Basi na neno malaria nikalitoa.

Kilichobaki kilikuwa hiki:

```
Asunto: Solicitud de prórroga del ensayo

Estimada profesora:

Le escribo de nuevo porque ayer me expresé mal:
no pedía más páginas, sino más tiempo.
Estuve ingresada del 18 al 22 de enero y no podré
entregar el ensayo el viernes 25. ¿Sería posible
entregarlo el viernes 1 de febrero? Adjunto el
justificante y las páginas que ya tengo escritas.

Muchas gracias por su comprensión.

Un cordial saludo,
```

Yaani jana nilijieleza vibaya, sikuomba kurasa zaidi bali muda zaidi; nililazwa tarehe 18 hadi 22, sitaweza kukabidhi tarehe 25, je, naweza kukabidhi Ijumaa tarehe 1 Februari? Nimeambatisha karatasi ya hospitali na kurasa nilizokwisha kuandika. Tarehe hiyo ya Februari ilikuwa ubishi wetu wa mwisho. Mimi niliona ni utovu wa adabu mwombaji kujipangia siku, nikataka kuandika «wakati wowote utakaoona unafaa». Yeye akasema hapo ndipo barua hukaa wiki bila jibu, kwa sababu umemwachia mwalimu kazi ya kutafuta kalenda. Walimu wana siku ya kufunga acta, karatasi rasmi ya alama, na jina lisilo na alama siku hiyo huandikiwa No presentado, hakukabidhi, likasubiri mtihani wa marudio. Ukitaja siku iliyo kabla ya hapo, anahitaji kusema ndiyo tu.

Jibu lilikuja baada ya chakula cha mchana. «Hola: Ahora sí. El día 1, antes de las 14:00. El lunes cierro las actas y ya no podría hacer nada. Que te mejores.» Sasa amenielewa, ila mwisho saa nane mchana, kwa kuwa Jumatatu anafunga alama. Yeye aliniandikia te tangu mwanzo, na darasani wenzangu wote walimwita tú. Mimi sikuweza. Nilimjibu kwa usted hadi namaliza somo lake, na hakuwahi kunisahihisha.

Ile wiki niliandika nikiwa nimejifunga kanga mbili, nikilala kila baada ya ukurasa. Ijumaa saa saba na nusu nikafungua ukurasa wa kukabidhi. Juu palikuwa na fomu fupi: jina, kundi, kichwa cha insha, na chini kabisa kisanduku kimoja cha mwisho kilichoandikwa «Extensión». Nikajaza: 2.940 palabras.