Picha ya mama mwenye kitenge: nilivyoikuza bila kumbadilisha sura

Picha niliyokwisha kuihariri ilikuwa na pikseli 1200 kwa 1500. Mteja alitaka kuichapa inchi 8 kwa 10, yaani pikseli 2400 kwa 3000 kwa kiwango cha pikseli 300 kwa inchi. Programu ya akili bandia ya kukuza picha ikanirudishia kitenge kinachong'aa kama nta, na mama mwenyewe amekuwa kama mdogo wake.

Makosa yalikuwa mawili. Wakati wa kuhariri nilikuwa nimeondoa chenga na kuhifadhi kwa JPEG, kwa hiyo nyuzi za kitambaa zilikwisha kufutika. Pia nilikuwa nimewasha `face enhance`, ambayo haikuzi uso uliopo, bali huuchora upya kwa kubahatisha.

Nikarudi kwenye faili la kazi, nikazima kuondoa chenga, nikatoa PNG. Nikaikuza mara 2 kwa njia mbili: kwa programu ileile bila `face enhance`, na kwa GIMP, `Scale Image`, `Cubic`. Nakala ya GIMP nikaiweka chini, ile nyingine juu. Kwenye `Layer Mask` ya tabaka la juu nikapaka nyeusi usoni na shingoni ili ya GIMP ionekane, kijivu kwenye kitenge ili zichanganyike nusu kwa nusu. Mwisho nikatia chenga kidogo picha nzima, la sivyo uso na nguo huonekana vimetoka kamera mbili.

Kabla ya kupaka, weka tabaka la juu kwenye `Difference`: macho na midomo iking'aa sana badala ya kuwa karibu nyeusi, huenda sura imebadilishwa. Ukimaliza kuangalia, lirudishe kwenye `Normal`.