Mwezi katika Barua ya Okelo

Kikundi chetu cha maigizo hapa Kisumu kilikuwa na mchezo wa wavuvi wawili, Okelo na Wasonga. Nyavu za Wasonga zinaibwa, kisha Okelo anamwandikia barua ya kuomba radhi. Kuitunga nikaachiwa mimi, kwa sharti moja la mwongozaji: Okelo asikiri wizi, ila watazamaji wamjue.

Nilimfanya aombe msamaha wa kosa dogo ili afunike kubwa.

"Ndugu yangu Wasonga, niwie radhi kwa kuchelewa kukujulia hali. Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, nami nilikuwa ziwani tangu magharibi, navua omena. Ningekuwa nchi kavu nyavu zako zisingeguswa. Naumia nikikumbuka ile kona uliyoishona usiku ule kwa uzi wa buluu. Na ziliuzwa kwa bei ya kutupa! Msalimie shemeji."

Kwenye mazoezi mjini, wenzangu waliipenda "ziliuzwa". Okelo hamtaji muuzaji, na bei anaijua. Mwezi waliuona pambo tu. Mwongozaji alitaka tuukate, nikakataa.

Tukaenda kuigiza Dunga, ufuoni, kina mama wakianua omena kando yetu. Mwenzetu alipofika "navua omena", mzee mmoja aliyeketi juu ya mtumbwi akaangua kicheko. "Omera! Omena na mwezi?" Ufuo mzima ukacheka.

Omena huvuliwa gizani. Taa huwashwa juu ya maji, omena wakaufuata mwanga na kukusanyika, ndipo wavu unapowazunguka. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa inakosa nguvu, samaki hawakusanyiki. Usiku kama huo wavuvi wengi hawajisumbui kutoka. Okelo alikuwa amechagua uongo ambao karani wa mjini angeuamini, akampelekea mvuvi mwenzake.

Kuanzia hapo hawakusikiliza tena kama watazamaji; walisikiliza kama wazee wa baraza. Kwenye uzi wa buluu, mama mmoja akaacha kuanua. "Usiku ule? Si amesema tangu magharibi alikuwa ziwani? Hiyo kona aliionea wapi?" Mwenzetu akanyamaza kidogo, kama mtu aliyeulizwa kweli, kisha akaendelea. Ile "ziliuzwa" tuliyoitegemea mjini ikapita bila mtu kushtuka. Walikwisha kumhukumu.

Maoni yangu hadi leo ni kwamba barua ya namna hii haihitaji maneno ya kujikanyaga. Inahitaji jambo moja ambalo mpokeaji analijua kuliko mwandishi anavyodhani.

Mchezo ulipokwisha, yule mzee akaniita. Nilitarajia aniulize habari za mwezi.

"Japuonj, wizi tumeuelewa," akasema. "Sasa tuambie, huyo shemeji anasalimiwa kwa nini?"

Mimi nilikuwa nimeandika salamu tu.