Nilivyoikaza skripti ya kichekesho cha kikao cha harusi

Ushauri ulioniudhi kuliko wote tangu nianze kuandika vichekesho ni huu: "Mtazamaji wetu mfafanulie, la sivyo hataelewa." Si kweli. Mtazamaji anaelewa haraka kuliko mwandishi anavyodhani, na akishafafanuliwa hacheki, anatikisa kichwa tu. Nitaeleza kwa skripti moja ya kikao cha kamati ya harusi, iliyoshuka kutoka karibu dakika tano hadi kama tatu na ikachekesha zaidi.

Wazo lake ni dogo: Mjomba wa bwana harusi hajamaliza ahadi yake ya mchango, lakini ndiye anayepanga chakula. Rasimu ya mwanzo ilikwenda hivi:

MJOMBA: Mimi kama mjomba wa bwana harusi siwezi kukubali wageni wangu wale pilau peke yake, nitaaibika mbele za watu. Nataka kuku, samaki, na ndafu wawili.
MWEKA HAZINA: Lakini Mjomba, wewe umelipa elfu kumi tu mpaka leo hii, kwenye ile ahadi yako ya laki tatu uliyoandikisha.
MWENYEKITI: Yaani umetoa elfu kumi halafu unataka ndafu wawili! Kumbe mwenye kelele ndiye hajachanga! (Wote wanacheka.)

Nilianza na mstari wa Mwenyekiti, kwa sababu ndio unaofanya kazi ya mtazamaji. Elfu kumi tumeisikia, ndafu wawili tumewasikia, na kuviunganisha ndiko kunakoleta kicheko. Mwenyekiti akiviunganisha yeye, mtazamaji hana la kugundua. Napitia kila skripti nikitafuta "yaani", "kumbe", "kwa hiyo unataka kusema" na "lakini si ulisema", maana ufafanuzi wa kichekesho hupenda kuanzia hapo. Hayo maneno sifuti kila yanapotokea. Mhusika akisema "kumbe" kisha akafikia jibu ambalo si sahihi kabisa, hicho ni kichekesho kipya na kinabaki. Akifikia jibu ambalo mtazamaji anajua tayari, ninakata. "Wote wanacheka" nayo hukatwa. Wanakamati wakicheka, Mjomba anakuwa mzaha wa kikao, wakati anachekesha kwa sababu wanalazimika kumheshimu.

Mstari wa Mweka Hazina ulikuwa na ugonjwa mwingine. Neno la kuchekesha ni "elfu kumi", nalo limekaa katikati likiburuta mkia mrefu. Mtazamaji anataka kucheka, mwigizaji bado anaongea, basi anajizuia ili asikie kilichobaki, na kicheko kinapita. Kiswahili kinaturuhusu kupanga sentensi upya bila kuilazimisha, kwa hiyo sina sababu ya kuliacha neno hilo mahali pengine isipokuwa mwisho: "Mjomba, ahadi laki tatu. Umelipa elfu kumi." Hata "tu" imeondoka. Kaneno hako kanamwambia mtazamaji kwamba kiasi ni kidogo, na hilo ni lake kuliona.

Tulijaribu pia toleo lililoonekana la kijanja zaidi: "Ahadi laki tatu. Zimebaki laki mbili na elfu tisini." Kwenye karatasi lilipendeza sana. Liliposomwa mbele ya watu, kicheko kilikuja kimechelewa, katikati ya mstari uliofuata, kikaumeza. Sababu ni hesabu: msikilizaji alilazimika kutoa kwanza ndipo acheke. Kumwachia mtazamaji agundue ni sawa, ila ugunduzi uwe wa hatua moja. Ukisikia kicheko kinaangukia mstari usio wake, rudi mstari uliotangulia uangalie kama umempa mtu kazi ya kikokotoo.

Kisha nikaugeukia mtego wenyewe, yaani yale maneno ya kabla ya kicheko. Maelezo ya Mjomba kuhusu kuaibika yalikuwa mzigo, na kusema "mimi kama mjomba" hakuna haja ikiwa kila mtu anamwita Mjomba. Kilichohitajika ni mtazamaji ajue kuna deni bila kuambiwa. Ndipo ikaja orodha:

MWEKA HAZINA: Mama Asha, laki mbili, amemaliza. Baba Joni, laki moja na nusu, amemaliza. Mjomba...
MJOMBA: Tuingie kwenye chakula. Kuku wawepo.
MWEKA HAZINA: Sawa. Mjomba...
MJOMBA: Na samaki. Watu wa pwani watakuja.
MWEKA HAZINA: Mjomba...
MJOMBA: Na ndafu wawili.
MWEKA HAZINA: Mjomba, ahadi laki tatu. Umelipa elfu kumi.
(Kimya.)
MJOMBA: Basi tubaki na ndafu mmoja.

Kila anapokatiza jina lake, anaongeza chakula. Hakuna anayesema kwamba anakwepa, ila deni na oda vinakua pamoja. Anakatiza mara tatu: ya kwanza inaonekana ya bahati, ya pili inaonyesha tabia, ya tatu mtazamaji anaisubiri, na hapo ndipo Mweka Hazina anapomaliza sentensi. Mara ya nne ingechosha.

Mwenzetu mmoja alitaka Mama Asha na Baba Joni waondoke kwa kuwa mistari yao haichekeshi. Tulipoisoma bila wao, elfu kumi ilikosa kipimo. Mtu asiyejua kamati hiyo inachanga kiasi gani angeweza kuiona ni pesa ya kawaida. Mstari mkavu unaobeba kipimo haukatwi, unafupishwa. Namna ya kuutambua ni kumsomea mtu asiyeijua skripti, kunyamaza kabla ya neno la mwisho na kumuuliza anadhani nini kinafuata. Akilitaja neno lenyewe, umefichua mno. Akilisikia kisha akauliza "kwa nini?", kuna kitu umekikata ambacho kilikuwa na kazi.

Onyesho la pili lilikuwa na tatizo ambalo lugha yetu inalileta yenyewe. Mjomba amejitolea kuleta gari la maharusi, naye analeta bajaji. Rasimu ilisema: "Gari liko wapi?" "Imefika." Kile kiambishi "i-" kinapishana na gari, na sikio linashtuka kabla ya wakati. Tukisema "limefika", tunadanganya waziwazi. Dawa ni kuchagua tangu mwanzo jina linalofunika vyote viwili. Mjomba anaahidi "usafiri wa maharusi", na siku yenyewe anatangaza "usafiri umefika". Nje inalia honi ya bajaji, tunakata picha. Mstari wa "gari lenyewe ndiyo bajaji hii?" ulifutwa, maana honi imeshasema.

Mwisho, jihadhari na siku ya kurekodi, kwa sababu mistari iliyokatwa hurudi kupitia mdomo wa mwigizaji. Kimya kikimwogopesha, "yaani Mjomba!" inamtoka yenyewe. Kumwambia "usiseme kitu" hakusaidii, anabaki amesimama hajui afanye nini. Mpe kazi ya mikono na uiandike kwenye skripti. Wetu tulimwandikia Mweka Hazina afute kwa kifutio taratibu, herufi moja moja, "ndafu wawili" kwenye daftari, huku Mjomba akimwangalia. Kimya kikapata mwenyewe, na kicheko kikapata nafasi ya kumalizika kabla ya ndafu mmoja kuombwa.