Kidole juu ya nukuu

Jumapili usiku

Insha ya binti ya kaka yangu ilikuwa imelala kwenye simu tangu Alhamisi, nami nikijisingizia kazi. Leo alasiri nikaona haya, nikaenda kuichapisha dukani kwa jirani. Kurasa 6. Swali alilopewa chuoni ni hili: "Jadili nafasi ya mume katika Utenzi wa Mwana Kupona." Kwa barua ya sauti aliniambia, "Shangazi, nisomee tu makosa ya sarufi." Sarufi yake haina neno. Tatizo liko kwingine, na nimelijua kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza, maana ni tatizo lile lile ninalolisahihisha kila muhula na lile lile nililokuwa nalo mwenyewe.

Nikisoma insha ya fasihi sianzi na aya nzima. Nasoma kwanza sentensi ya kwanza ya kila aya, zile peke yake, kutoka juu hadi chini. Za kwake zilikuwa hivi: "Mwana Kupona anaanza kwa kumwita binti yake." "Baada ya hapo anamwambia achukue wino na karatasi." "Kisha anataja radhi tano." "Katika beti zinazofuata anaeleza siku ya kiyama." Aya 11, na 9 kati yake zimeshikana mkono na utenzi, hatua kwa hatua, kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni. Mpangilio wa insha ni mpangilio wa Mwana Kupona. Wake mwenyewe haupo. Ukiona "kisha" na "baada ya hapo" mwanzoni mwa aya, ujue mwandishi anasimulia. Mwenye hoja hupanga mambo kwa namna hoja inavyodai, hata ikibidi kuanza na ubeti wa katikati na kurudi nyuma.

Kisha nikachukua kalamu tatu. Nyekundu kwa kila sentensi inayosema tu kilichomo ndani ya utenzi, kijani kwa nukuu, buluu kwa sentensi ambayo msomaji mwingine wa utenzi huo huo angeweza kuipinga. Hicho ndicho kipimo changu cha hoja. "Mwana Kupona anamshauri binti amtii mumewe" haipingiki, kila aliyesoma ataitikia, basi ni nyekundu. Nilipomaliza, karatasi ilikuwa nyekundu kama meza ya mchinjaji, kijani mara 14, na buluu katika sehemu tatu. Moja ya hizo tatu ilikuwa kwenye hitimisho, imejificha katika sentensi ya mwisho kabisa, kana kwamba aliigundua akiwa anafunga mlango.

Ukurasa wa kwanza na nusu ni maisha ya mtunzi: kwamba alikuwa wa kisiwa cha Pate, mke wa Bwana Mataka mtawala wa Siu, kwamba alitunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwandikia binti yake. Yote kweli. Lakini kati ya hayo linaloingia katika swali ni moja tu, kwamba anayesema ni mama aliye kitandani na anayeambiwa ni binti atakayebaki. Hilo linahitaji sentensi mbili. Muhtasari nao una ngazi: kuna wa hadithi, na kuna wa maisha ya mtunzi, na huu wa pili huponyoka kirahisi kwa sababu unanukia utafiti.

Sasa nije kwenye aya iliyoniweka macho. Naiandika kama ilivyo, kwa idhini yake:

"Mwana Kupona anaendelea kumshauri binti yake kuhusu mume. Anasema, 'Mtunde kama kijana / asioyuwa kunena.' Hii inaonyesha kwamba mke anapaswa kumtunza mumewe kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Kisha anamshauri kuhusu usafi wa nyumba."

Ukiisoma haraka unaona aya iliyokamilika. Ina utangulizi, ina nukuu, ina "hii inaonyesha". Lakini weka kidole juu ya nukuu, uifunike, usome tena. Aya haikupoteza kitu! Sentensi ya tatu imebeba yote yaliyokuwa chini ya kidole, kwa sababu ni mishororo ile ile imehamishwa kutoka Kiamu, lahaja ya Lamu, kuingia Kiswahili sanifu. Na hapa ndipo insha za tenzi zinapotudanganya kuliko insha za riwaya. Mwanafunzi anayenukuu riwaya akirudia maneno yale yale kila mtu ataona anarudia. Anayenukuu Kiamu, akieleza kwamba "mtunde" ni "mtunze" na "asioyuwa" ni "asiyejua", anafanya kazi ya kweli, anatoka jasho, na anaamini amechambua. Amefasiri. Uchambuzi haujaanza.

Sisemi asifasiri. Msomaji wa Kisumu au Mwanza anahitaji kushikwa mkono. Ila hilo limalizwe kwa nusu sentensi, kisha liulizwe swali ambalo tafsiri haiwezi kulijibu: kwa nini neno hili, wala si jingine?

Nikampigia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Fungua aya yako ya saba. Kwa nini mume awe kijana asiyejua kunena? Angeweza kuwa mfalme, angeweza kuwa mgeni wa heshima, na vyote vingefaa kwenye wosia wa utiifu."

Kimya. Kisha, "Kwa sababu anampenda?"

"Labda. Mtoto asiyejua kusema, nyumbani, nani anaamua ale nini na alale saa ngapi?"

Kimya kirefu zaidi. "Mama yake." Halafu akacheka. "Ala! Shangazi, basi mke ndiye mkubwa."

Nilimzuia hapo hapo, maana najua mteremko huo unakoishia. Mwanafunzi akishagundua kwamba neno lina tumbo, ataanza kuzalisha kila kitu kutoka ndani yake, na kufika Jumatano Mwana Kupona atakuwa amevunja ndoa zote za Lamu. Nikamwambia arudi nyuma atafute kitenzi hicho hicho, kunena, kwenye beti alizozinukuu yeye mwenyewe. Alizipata mbili, zote zimekaa kwenye insha yake bila kuguswa. Katika beti za siku ya kufufuliwa, mume akipenda mkewe aende peponi atakwenda, na "kinena wende motoni / huna budi utatiwa." Katika ubeti wa adabu, "akinena simjibu / itahidi kunyamaa."

Basi tazama. Akhera, mume akinena, neno lake linamtia mtu motoni. Nyumbani, akinena, mke anyamaze. Na beti chache mbele, mume huyu huyu anafananishwa na asiyejua kunena. Nukuu tatu, kurasa tatu tofauti, na alikuwa nazo zote! Alizipanga kama risiti: huu ushahidi kwamba nilisoma, na huu, na huu. Zikiwekwa pamoja zinagombana, na insha inazaliwa kwenye ugomvi huo.

Yeye ndiye aliyenishinda kidogo baada ya hapo. "Lakini shangazi, si huenda ni kina tu? Kijana, kunena, zote zinaishia na -na." Swali zuri, na nimefurahi hadi sasa. Utenzi una vipande vinne kwa ubeti, vitatu vya kwanza vinalingana kina na cha nne kinarudi kwenye kina cha bahari, ambacho hapa ni -a. Kina kinambana mtunzi kweli. Jibu langu lilikuwa kwamba kina kilidai silabi -na, hakikudai mtoto asiye na kauli. Maneno yanayoishia na -na hayajaisha Kiswahili. Lakini pingamizi lake ni la haki, na ndiyo sababu hoja isisimame juu ya neno moja. Isimame juu ya mahali patatu, na pingamizi la kina liandikwe humo humo ndani ya insha, lijibiwe kwa uwazi. Mhadhiri atalifikiria hata asipoambiwa.

Saa nne usiku akanitumia aya mpya:

"Siku ya kufufuliwa neno la mume lina nguvu ya hukumu: 'kinena wende motoni / huna budi utatiwa.' Ndani ya nyumba pia mke anaambiwa anyamaze mume akinena. Hata hivyo mume huyo huyo anageuka kijana 'asioyuwa kunena', na mwenye kujua la kufanya anakuwa mke. Utenzi haumpokonyi mume mamlaka. Unampa kauli kubwa kesho akhera, na leo unamweka mikononi mwa mke amlee."

Nikaweka kidole. Safari hii aya ilianguka. Ukifunika "asioyuwa kunena", sentensi inayofuata haina pa kusimama. Na sentensi ya mwisho ni buluu tupu: najua wenzangu wawili katika idara yetu ambao wangeipinga kabla ya chai. Wangesema "mtunde kama kijana" ni upole tu, na kwamba kwenye wosia wa kidini mambo ya akhera ndiyo yenye uzito. Sawa, wabishane naye.

Kuna jambo linalonikera na siwezi kumlaumu yeye. Sekondari tuliwazoeza hivi. Taja hoja, alama 1. Toa mfano, alama 1. Mfano ukitajwa tu umelipwa, hakuna aliyeuliza unafanya nini pale. Mimi mwenyewe nimegawa alama hizo miaka mingi, na leo nimekwenda kuchungulia maelezo yangu ya darasani ya Kidato cha Tatu. Kwenye ukurasa mmoja nimeandika "hii inaonyesha" mara 5. Nimeikata yote kwa kalamu nyekundu na bado sijajua niandike nini mahali pake.

Kuhusu insha yake, nimemwambia abakize nukuu 5 au 6, na akisimulia asimulie kwa sentensi moja au mbili mwanzoni mwa aya, kiasi msomaji ajue tuko wapi. Maisha ya mtunzi ayapunguze. Amekubali yote isipokuwa hilo la mwisho. Anasema ile habari ya wino na karatasi haiwezi kutoka, anaipenda mno. Nikamuuliza inafanya kazi gani kwenye hoja ya mume. "Bado natafuta, shangazi," akasema. "Ila mama anamwambia binti akae chini aandike, na yeye mgonjwa ndiye anayenena."

Nimemwambia aiache kwanza, nitaisoma tena kesho.