Dada wa data alivyotoka kwenye shukrani akaingia kwenye waandishi

Makala ilikuwa imeiva, majedwali yamekaa sawa, marejeo yamepangwa, imebaki kuipandisha tu kwenye mfumo wa jarida, ndo nikafika ukurasa unaotaka kila mwandishi aonyeshwe alifanya kazi gani. Na sio kwa maneno yako mwenyewe, kuna majukumu 14 yameshapangwa, unachagua humo humo. Mpangilio huo unaitwa CRediT, mazungumzo yake yalianzia kwenye warsha moja ya 2012, na 2022 ukawa kiwango rasmi cha NISO, shirika la Marekani la viwango vya taarifa na machapisho, siku hizi majarida mengi yanautaka. Mimi nilikuwa mwandishi wa kwanza na ndo wa mawasiliano pia, kwa hiyo kujaza ikawa kazi yangu.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa dodoso, wagonjwa wa presha na jinsi wanavyotumia dawa zao. Prof alishanitumia orodha kwa meseji: yeye, mimi, mtakwimu, na daktari mmoja aliyetusaidia kutengeneza maswali. Afu akaongeza kwamba mkuu wa idara naye aingie maana alitupa ofisi na kompyuta. Dada aliyesimamia data hakuwemo, yeye kawekwa kwenye shukrani pamoja na wakusanyaji wengine, "kwa kukusanya data".

Nikaona nisijaze kwa kukisia, nifungue maelezo ya kila jukumu nisome. Hapo ndo watu wengi wanapoteleza, wanaangalia jina la jukumu wanadhani wameshaelewa. Mfano Prof alikuwa kamwandikia yule daktari `Validation`, akimaanisha alihakiki maswali ya dodoso kabla hatujaenda kliniki. Lakini ukisoma maelezo, `Validation` ni kuthibitisha kwamba matokeo yakirudiwa yanatoka vilevile. Kuunda dodoso na kulijaribu sisi tukakiweka kwenye `Methodology`. Aliyerudia hesabu zote upya kutoka kwenye data ghafi ili kuona kama namba za mtakwimu zinatoka zilezile nilikuwa mimi, kwa hiyo `Validation` ikaja kwangu. Mtakwimu akabaki na `Formal analysis` na `Visualization`, yaani kuchambua takwimu na kutengeneza michoro, hayo hayakuwa na ubishi.

Nikafika kwa yule dada sasa. Kukusanya data, yaani kukaa na wagonjwa, kuuliza maswali, kupima presha, jukumu lake ni `Investigation`. Ila kuna lingine linaitwa `Data curation`, hilo ni kusafisha data, kuiwekea maelezo na kuitunza ili mwingine aweze kuitumia baadaye. Nikarudi kwenye folda ya mradi kuangalia nani hasa aliifanya hiyo kazi na kila faili nililofungua lilikuwa lake. Kulikuwa na kituo kimoja fomu zake zilikuwa na presha ya juu na ya chini zimebadilishana nafasi, yeye ndo aligundua kwa sababu namba ya juu haiwezi kuwa ndogo kuliko ya chini kwa mtu aliye hai, akaenda kutafuta fomu za karatasi akalinganisha mstari kwa mstari, na kila alichorekebisha akakiandika kwenye faili pembeni: kilikuwa nini, kimekuwa nini, kwa nini. Aliandika pia maelezo ya kila kodi, kwamba 9 ni "hakujibu" na 0 ni "hajaruka dozi hata moja". Bila hiyo karatasi mtakwimu angehesabu zile 9 kama dozi tisa zilizorukwa. Sasa mtu kama huyo unamwandikiaje "kwa kukusanya data" tu?

Lakini kuwa na jukumu kwenye CRediT hakumfanyi mtu kuwa mwandishi, hilo lazima lieleweke. CRediT inasema nani kafanya nini, basi. Nani anastahili kuwa mwandishi, jarida letu lilifuata masharti ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, nayo ni manne na yanatakiwa yote kwa pamoja: uwe na mchango mkubwa kwenye wazo au mpango wa utafiti, au kwenye kupata data, kuichambua au kuitafsiri, uwe umeandika au umeipitia makala kwa kina, uidhinishe toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Sharti la kwanza alilitimiza kabisa. La pili hakuwa nalo kwa sababu moja tu, hakuna aliyemtumia rasimu. Na ICMJE wenyewe wanasema aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kushiriki kwenye hayo mengine, sio masharti yatumike kumfungia nje.

Nikampigia Prof. Nikamwambia, "Prof, shikamoo, samahani kwa usumbufu, naomba tuongee kuhusu waandishi kabla sijatuma, maana tukishatuma kuongeza jina itabidi tueleze sababu kwa mhariri na wote wakubali kwa maandishi." Nikamsomea lile faili la marekebisho ya presha. Akanyamaza kidogo akasema, "Sikujua kama ni yeye, nilidhani ni mtakwimu. Mtumie rasimu aisome." Kuhusu mkuu wa idara akaniuliza, "Si kuna `Resources` hapo?" Nikamwambia ipo, na vifaa kweli vinaingia hapo, ila kutoa vifaa peke yake hakufikishi masharti, kama ambavyo kutafuta fedha peke yake hakufikishi. Yeye Prof alikuwa na `Funding acquisition` na `Supervision`, lakini pia wazo lilikuwa lake na rasimu zote alizipitia, kwa hiyo kwake hakukuwa na tatizo. Akasema atamweleza mwenyewe. Mkuu akaenda kwenye shukrani, tukamwomba ruhusa kwa maandishi ya kutaja jina lake, akakubali vizuri tu.

Dada alirudisha rasimu ikiwa na maoni mengi. Kubwa lilikuwa kwenye sehemu ya mbinu, tuliandika presha ilipimwa mara moja, wakati fomu ina nafasi ya vipimo viwili na kilichochambuliwa ni wastani wake. Mimi, Prof na mtakwimu wote tulishaipita hiyo sentensi. Akarekebisha, akaidhinisha toleo la mwisho kwa imeili kama wengine wote, na mstari wake ukasomeka hivi:

```
S.K.: Investigation (lead), Data curation (lead), Writing – review & editing (supporting)
```

Hayo maneno ya kwenye mabano ni kiwango cha mchango, `lead` anayeongoza, `equal` mliolingana, `supporting` anayesaidia. Sio lazima kuyaweka, ila mimi niliyataka, maana kwenye `Investigation` tulikuwa waandishi wawili na bila kiwango tungeonekana tumelingana wakati mimi nilikwenda kliniki kwa kusaidia tu. Kabla ya kutuma nikawapelekea wote taarifa nzima, kila mtu athibitishe mstari wake na wa wenzake, kisha nikahakikisha nilichotiki kwenye mfumo kinafanana na kilichoandikwa mwishoni mwa makala.

Muda baada ya makala kutoka, mtafiti mmoja aliniandikia anataka kuunganisha data yetu na ya kwao, na swali lake la kwanza likawa, S.K. ni nani, naona ndo kashika data, naomba mawasiliano yake. Nikamuunganisha nao, na maswali yao yote kuhusu zile kodi akayajibu yeye.