Siku moja ya kusafisha ndege, na picha ya binamu wawili

Saa 10:00 alfajiri

Mtu akisikia unafanya kazi kiwanja cha ndege ng'ambo, anakuona umefunga tai. Siku yetu inaanza kwa kuvua viatu na mkanda kwenye ukaguzi, kama abiria yeyote, kisha simu zinaingia kabatini na ufunguo unaning'inia shingoni pamoja na kitambulisho. Mimi ni msimamizi wa zamu, nina kikosi cha watu 14. Wawili kati yao, Hamisi na Sele, ni mabinamu: mama yake Hamisi ni dada wa baba yake Sele. Nawapanga pamoja kwa sababu wanataniana kutwa nzima na mikono haisimami.

Kabla ya kupanda gari tunahesabu vitambaa. Kwetu vyekundu ni vya choo, vya bluu ni vya meza na viti, vya kijani ni vya jiko la ndege. Chekundu kikionekana juu ya meza ya abiria, safu nzima inafutwa upya, hata kama kilikuwa kikavu. Anayepewa choo hagusi jiko siku hiyo.

Saa 11:15

Ndege ndogo, viti 180, dakika 20. Tumeimaliza.

Saa 1:00 asubuhi

Hii sasa ndiyo kazi. Ndege ya njia mbili, viti 300 na ushei, imelala angani usiku kucha. Hatuingii mpaka abiria wa mwisho ashuke, na wa mwisho mara nyingi ni anayesubiri kiti cha magurudumu, kwa hiyo dakika 45 tulizopewa zinaanza kuliwa tukiwa bado mlangoni.

Wanatangulia wenye mifuko ya taka, wakifuatwa na wanaokusanya mablanketi na vipokea sauti. Nyuma yao wanakuja wa mifuko ya viti, na hapo ndipo mgeni wa kazi hukwama. Kila mfuko unatakiwa ubaki na kadi ya usalama na mfuko wa kutapikia, na lazima uingize mkono mpaka chini, taratibu, kwa kiganja kilichokunjuka, kwa sababu watu huacha wembe, sindano na maganda yenye ncha. Wanafuata wa meza na mikono ya viti, kisha mikanda inakunjwa iwe msalaba juu ya kila kiti. Wengi wanadhani msalaba ule ni pambo. Ndio unaoniwezesha kusimama mwanzo wa njia na kujua kwa jicho moja kiti gani hakijaguswa. Kifyonza vumbi kinapita mwisho, la sivyo makombo ya meza yanarudi kwenye zulia.

Chakula kilichobaki hakiliwi, hata kikiwa hakijafunguliwa. Taka za jikoni za safari za kimataifa zina mfuko wake na njia yake ya kuteketezwa, kwa kuhofia magonjwa ya mifugo na mimea. Wageni wa kazi hili huwauma kuliko yote.

Kwenye ndege kubwa mtu mmoja huruhusiwa kubaki na simu ya kuwasiliana na ofisi na kupiga picha za hitilafu. Siku hiyo alikuwa Sele.

Saa 1:50

Tumebakiza zulia, ikaja taarifa: abiria wa kiti 6A, daraja la biashara, kasahau simu. Yuko kwenye mizigo na hatoki bila simu yake. Ameiacha kwenye mfuko wa kiti. Tukatazama, haipo. Taarifa ya pili ikasema alikuwa nayo chini ya blanketi. Mablanketi yalishafungwa, na yote yanafanana, hivyo mifuko ikafunguliwa na kila blanketi likakung'utwa. Haipo. Taarifa ya tatu: "Labda imeteleza pembeni ya kiti." Hilo angelisema kwanza, tungekuwa tumeokoa robo saa. Na katikati ya hayo alikuwa akimuuliza mhudumu kama wasafishaji tumekaguliwa mifuko. Tumekaguliwa, bwana. Tunakaguliwa kila siku, tukiingia na tukitoka.

Hamisi akapiga magoti, akaweka sikio kwenye ubavu wa kiti, akasikia mtetemo. Iko ndani.

Sasa, kiti kile kinalala kwa mota. Chini ya mto kuna mikono ya chuma inayokunjuka na kujikunja. Ukibonyeza kitufe ili kiti kisogee uione simu, mikono ile inaibana. Betri ya lithiamu ikibanwa ikapinda au ikatoboka, inajipasha yenyewe kwa ndani, inafuka, na inaweza kuwaka, na mara nyingi maji mengi ndiyo yanayoweza kuipoza. Ndiyo maana wahudumu huwaambia abiria: simu ikidondoka kitini, usisogeze kiti, tuite. Cha kufanya ni kunusa kama kuna harufu kali ya kemikali, kugusa ubavu wa kiti kujua kama una joto, kisha kusubiri fundi akate umeme wa kiti hicho. Hapakuwa na harufu wala joto.

Sele akamulika ufa kwa tochi ya simu yake, akapiga picha mbili za ripoti: moja ya ufa wenyewe, simu ikionekana kwa ndani, nyingine ya namba ya kiti. Nikawaamuru wawili hao wakae pale kuhakikisha hakuna anayegusa vitufe, mimi nikaenda kukagua vyoo vya nyuma.

Fundi alichukua dakika 40 kufika. Kusimama dakika 40 baada ya kuinama saa tatu ni adhabu, wakakaa viti vya jirani. Halafu ikaja picha ya tatu, isiyo ya ripoti. Sele alinyoosha mkono, wakajipiga. Vizibao vya kung'aa walivivua, kwa sababu mistari yake hurudisha mwanga wa kamera na uso unatoka mweusi tii. Mikanda walikuwa wameifunga, maana Hamisi alikuwa akijaribu kila kifungo kama anavyotakiwa. Katikati ya miguu yao lilisimama begi letu jeusi la vitambaa na dawa, lenye magurudumu na mpini wa kuvuta. Sele akaitupia kwenye kundi la familia. Alipokuwa anataka kuandika neno, fundi akatokea mlangoni.

Nikaichukua simu, nikatuma picha za ripoti ofisini, nikaizima na kuitia kwenye mfuko wa kikosi unaofungwa kwa lakiri. Ndiyo kanuni: ripoti ikitoka, simu inazimwa mpaka mwisho wa zamu.

Fundi alikata umeme wa kiti, akafungua skrubu za ubao wa pembeni, akaingiza mkono kwa vidole viwili na kuitoa simu nzima. Akakijaribu kiti mara mbili, chini na juu. Mwenye simu akalalamika kwamba ina mkwaruzo ambao haukuwepo. Picha ya ufa ikamjibu: mkwaruzo ulionekana humo, simu ikiwa bado haijaguswa na mtu.

Baada ya hapo

Ndege moja ikichelewa, zinazofuata hazikusubiri. Mbili zilitua kwa kufuatana, mapumziko yakaliwa, na ya pili ilikuwa na matapishi kwenye safu ya 31. Hapo huleti kitambaa. Unavaa glavu na barakoa, unamwaga unga wa kunyonya, unasubiri ugande, unakwangua kwa kadi ngumu, kila kitu kinaingia mfuko wa taka hatarishi, kisha dawa ya kuua vijidudu inaachwa ikae dakika zilizoandikwa kwenye chupa. Wengi hukosea hapo hapo, wanapulizia na kufuta papo hapo, dawa haijafanya lolote. Kama uowevu umepita kitambaa cha kiti, mto wenyewe unabadilishwa. Ulikuwa umepita.

Sikumbuki saa ngapi tulikula. Nadhani hatukula.

Saa 9 na kitu, alasiri

Makabati yakafunguliwa, nikamrudishia Sele simu. Akaiwasha, ikaanza kutetemeka mkononi bila kupumzika. Simu thelathini na kitu hazikupokelewa. Kabla hajasoma chochote ikaita, akaweka sauti ya nje kwa kuwa glavu zilikuwa zimemchubua vidole.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshatua?"

"Tumetua wapi?"

"Sele, usinifanyie utani na jua hili. Tuko hapa wanakotokea wasafiri. Mjomba wenu yuko mlango wa pili, msije mkapishana naye."

Hamisi akasogea. "Mama, shikamoo. Sisi tuko kazini."

"Kazini na mkanda umefunga?"

Ikabidi waeleze, na kadiri walivyoeleza ndivyo ilivyobainika kwamba familia ilifikiri sawasawa, hatua kwa hatua. Vijana wamekaa viti vipana, mikanda imefungwa, begi liko miguuni: wanasafiri. Hawakuandika neno: wanataka kutushtukiza. Wamepigiwa, namba hazipatikani: ndiyo kawaida ya aliye angani. Mtu mmoja tu kwenye kundi, mdogo wake Sele, alisema abiria hawezi kuweka begi miguuni ndege ikitaka kuruka. Alikuwa sahihi kabisa, wahudumu wangelipandisha juu. Akaambiwa anyamaze, hajawahi kupanda ndege.

"Basi hicho kiti ni cha nani?" mama akauliza.

"Cha abiria."

"Na wewe?"

"Mimi nakilinda, mama. Kulikuwa na simu ndani yake."

Kimya. Halafu sauti ya mwanamume, mbali kidogo, ikiuliza kama wamepita mlango wa kwanza.

"Na mpangaji?" shangazi akasema.

"Mpangaji gani?"

"Wa chumba chako, Sele. Tumemwomba ahame asubuhi. Kitanda chake kiko uani."

Sele alikaa chini, akasema arudishiwe chumba, tena leo hii, na aombwe radhi kwa niaba yake. Hamisi alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Mjomba alipokabidhiwa simu alitaka jambo moja tu: picha nyingine, ya kweli, yenye maelezo, awaonyeshe wale wote aliowaambia.

Tukaipiga pale pale chumba cha makabati. Vizibao vimevaliwa, mistari ikawaka kama taa, nyuso hazionekani vizuri. Hamisi kashika mpini wa kifyonza vumbi, Sele kashika chupa ya dawa. Safari hii Sele aliandika kwanza, akanisomea, ndipo akatuma: "Hapa tunasafisha ndege. Hatusafiri."

Jibu la shangazi lilifika kabla hatujafunga milango ya makabati.

"Sawa wanangu. Sasa mnatua saa ngapi?"